Dakika 38 bila sauti

Mama anayetunza duka letu la Likasi alinipigia simu saa mbili usiku. "Papa, ile video nimeiangalia yote. Naona mshale unatembea kwenye jedwali, unaingia huku, unatoka kule, lakini wewe mwenyewe sikusikii. Ni simu yangu imeharibika?"

Simu yake ilikuwa nzima. Nilifungua video hiyo kwenye kompyuta niliyoirekodia, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya kabisa. Wala si sauti ndogo au yenye mikwaruzo: hakuna kitu. Nilikuwa nimekaa dakika 38 nikieleza safu moja baada ya nyingine, na kilichobaki ni mshale unaotembea.

Mimi ni mhasibu wa ghala la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Tuna duka dogo Likasi, kama kilomita 120 kutoka hapa, na jingine Kolwezi. Kila jioni maduka hayo hujaza jedwali la Excel: mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotoka, mabati, misumari kwa kilo, na mwisho kile kilichobaki. Kila anapokuja mtu mpya dukani, namweleza kwa simu, na kwa simu mambo hayaeleweki. Nikisema "nenda safu ya F," yeye yuko G, na tunamaliza salio bila kufika popote. Ndiyo maana niliamua kurekodi skrini: aone mkono unapokwenda na asikie kwa nini.

Rekodi ya kwanza niliifanya kwenye Mac ya mpwa wangu. Ni MacBook Air aliyoinunua kupitia Zambia, imewekwa kwa Kiingereza. Aliniambia sihitaji kupakua programu yoyote, kwa kuwa chombo cha kurekodi kimo ndani tangu macOS Mojave ya 2018. Unabonyeza `Command + Shift + 5`, na chini ya skrini unatokea ukanda wenye vitufe vidogo. Vile vya kushoto ni vya picha tu. Viwili vinavyofuata vina duara dogo pembeni: kimoja hurekodi skrini nzima, kingine hurekodi sehemu unayoichora mwenyewe. Unachagua, unabonyeza `Record`, basi. Kusimamisha, kuna kitufe cha duara lenye mraba ndani kwenye ukanda wa juu kabisa wa skrini, au unabonyeza `Command + Control + Esc`.

Yote hayo niliyafanya sawasawa. Nilichokosa kipo kwenye neno `Options`, katika ukanda uleule, kabla ya `Record`. Ukilibonyeza, orodha inafunguka, na katikati yake kuna kichwa `Microphone`. Chini yake la kwanza ni `None`, na tiki ilikuwa imekaa hapo. Chombo hiki hakidhani kwamba unataka kusema. Ni lazima ukiambie. Na kinaporekodi hakikuonyeshi mshale wowote wa sauti unaopanda na kushuka. Unaweza kuhubiri saa nzima na skrini isikudokeze kwamba hakuna anayesikiliza.

Mpwa wangu alinionyesha jinsi ya kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa hapo na si kwenye maikrofoni. Ukifungua video kwa QuickTime Player na kubonyeza `Command + I`, kinakuja kidirisha kinachotaja muundo wa faili. Yangu ilikuwa na mstari wa picha peke yake. "Mjomba, angalia," aliniambia, "hapa sauti haikurekodiwa ikapotea. Haikuombwa kabisa." Kama mstari wa sauti ungekuwepo na bado husikii kitu, basi maikrofoni ilichaguliwa lakini haikupokea sauti, na hapo unatafuta kwingine. Tofauti hiyo imeniokolea muda mwingi tangu siku ile, maana ni magonjwa mawili tofauti yenye dalili moja.

Siku ya pili nilirudi kwa mpwa nikafungua `Options` kwanza. Nilikuwa nimechomeka hedifoni za waya, zile zenye maikrofoni ndogo kwenye uzi, kwa hiyo orodha ilionyesha majina mawili: `MacBook Air Microphone`, iliyo ndani ya kompyuta, na `External Microphone`, yaani ya kwenye uzi. Nilichagua ya uzi, nikarekodi sekunde kumi, nikasikiliza. Nilisikika, lakini kila nilipogeuza kichwa uzi ulisugua shati na kutoa kelele kama karatasi inayochanwa. Niliubana kwa kibanio cha nguo chini ya kola, kelele ikaisha. Faida ya hedifoni ni kwamba maikrofoni iko karibu na mdomo, na kwa jirani palikuwa na jenereta inaunguruma. Maikrofoni ya ndani ya Mac ni nzuri sana chumbani patulivu, lakini ikiwa umbali wa mkono mzima kutoka kwako, jenereta na wewe mnaifikia karibu kwa nguvu moja.

Hedifoni zisizo na waya nilizijaribu pia, kwa sababu mpwa anazo. Kwa kusikiliza muziki zinapendeza. Lakini zinapotumika kama maikrofoni, Bluetooth hubadilisha njia ya kusafirisha sauti na kwenda kwenye ile ya maongezi ya simu, na sauti inakuwa nyembamba, kama mtu anayesemea ndani ya debe. Waya wa bei ndogo ulizishinda mbali.

Kisha ikaja habari ya kutafuta faili. Nilipobonyeza kusimamisha, niliangalia kwenye uso wa kompyuta, ambako mpwa alisema faili hutua, sikuona kitu. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na picha ndogo inayoelea. Niliibonyeza, ikafunguka kubwa, na juu yake kulikuwa na alama ya pipa la taka. Nilikuwa karibu kuibonyeza nikidhani ni ya kufunga. Mpwa alinishika mkono. Picha ile ndogo ndiyo video yenyewe, bado haijawekwa mahali pake. Ukiiacha sekunde chache itaondoka yenyewe na faili litatokea. Ukiharakisha, isukume upande wa kulia. Ukiifungua na kubonyeza pipa, umeitupa kazi yote.

Jina la faili huanza na `Screen Recording`, likifuatwa na tarehe na saa, na mwisho wake ni `.mov`. Kwa kawaida linatua `Desktop`. Lakini mtu mwingine akiwa ametumia kompyuta hiyo kabla yako, huenda amebadilisha. Usizunguke folda zote ukitafuta. Bonyeza tena `Command + Shift + 5`, fungua `Options`, tazama chini ya `Save to`: penye tiki ndipo faili zinapokwenda. Kisha bonyeza `Esc` kutoka.

Ningeweza kuendelea na Mac hiyo, lakini mpwa anaihitaji chuoni. Kompyuta ya ghala ni ya mezani, Windows 10, imewekwa kwa Kifaransa, haina betri. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Kwenye Windows 10 chombo kinaitwa Xbox Game Bar. Jina linadanganya, watu wengi huliona wakadhani ni la michezo tu. Kilitengenezwa kwa michezo kweli, lakini hurekodi dirisha la programu yoyote ya kawaida, Excel ikiwemo. `Windows + G` hukifungua, na `Windows + Alt + R` huanza kurekodi na husimamisha vilevile. Kuna sharti moja ambalo lazima lijulikane mapema: kinarekodi dirisha moja, lile ulilokuwa nalo mbele ulipoanza. Uso wa kompyuta hakirekodi, wala dirisha la kuvinjari folda. Somo langu lilikuwa na sehemu ya kuonyesha jinsi ya kuingia kwenye flashi na kunakili jedwali, na sehemu hiyo yote haikuonekana. Kwenye video Excel imetulia palepale, na sauti yangu inasema "sasa fungua folda hii." Mama wa Likasi alifikiri video imekwama.

Sehemu hiyo niliirekodi baadaye kwenye kompyuta ya rafiki yenye Windows 11. Huko Outil Capture d'écran, kile cha kupiga picha za skrini, kina pia kitufe cha kurekodi video, na `Windows + Shift + R` hukiita moja kwa moja. Unachora eneo unalotaka, folda na uso wa kompyuta vikiwemo, na alama ya maikrofoni ipo kwenye ukanda wake juu. Matoleo yake ya kwanza yenye video hayakuwa na sauti kabisa, kwa hiyo usipoiona alama hiyo, programu inataka kusasishwa.

Turudi ghalani. Maikrofoni ya kompyuta ile ilinichukua mchana mzima. Nilichomeka hedifoni zilezile za waya, nikabonyeza `Windows + Alt + R`, kikatokea kidude pembeni kinachohesabu sekunde. Juu yake kuna alama ya maikrofoni. Ilikuwa imekatwa kwa mstari. `Windows + Alt + M` huiwasha, na mstari unaondoka. Nikafurahi, nikarekodi dakika moja. Niliposikiliza, nilijisikia kwa mbali, kama niliyesimama nje ya mlango, na sauti ya feni ikiwa kubwa kuniliko.

Nikaingia Paramètres, kisha Système, kisha Son. Kwenye sehemu ya Entrée kuna orodha ya vifaa vya kuingizia sauti, na chini yake mstari unaocheza unaposema. Jina lililochaguliwa halikuwa la hedifoni. Lilikuwa la kamera ya USB iliyobandikwa juu ya skrini, ambayo tulinunua kwa mikutano na tukaisahau. Nayo ina maikrofoni ndani. Windows ilikuwa imeichukua bila kuuliza.

Majina kwenye orodha hiyo wakati mwingine hayaeleweki, kwa hiyo mimi sitegemei majina. Nachukua ukucha, nakwaruza taratibu kwenye kifaa ninachotaka kutumia huku nikiutazama ule mstari. Ukiruka, ndicho kinachosikiliza. Usiporuka, nakwaruza kingine mpaka nikipate. Siku ile nilikwaruza hedifoni, mstari ukalala. Nikagusa kamera, ukaruka mpaka mwisho.

Basi nikachagua hedifoni kwenye orodha? Haikuwemo. Kompyuta ya mezani ya zamani ina matundu mawili mbele: la kijani la kusikilizia, la waridi la maikrofoni. Plagi ya hedifoni za simu ina pete tatu nyeusi, kwa maana inabeba masikio mawili na maikrofoni kwenye kijiti kimoja. Tundu la kijani huchukua masikio tu. Maikrofoni inabaki haina pa kuingia. Ukiichomeka kwenye la waridi, mguso haukutani na sehemu yake. Laptop nyingi za sasa zina tundu moja linalopokea yote, ndiyo sababu Mac haikunisumbua. Dawa yake ni kigawanyio, waya mfupi wenye tundu moja upande huu na plagi mbili upande wa pili, moja ya kijani na moja ya waridi. Nilikipata sokoni kwa mafundi wa simu. Nilipokichomeka, jina jipya likatokea kwenye Entrée, nikalichagua, nikakwaruza, mstari ukaruka.

Kuna mlango mwingine mmoja ambao ukifungwa, yote hayo hayasaidii. Ni kwenye Paramètres, Confidentialité, Microphone. Hapo Windows huuliza kama programu zinaruhusiwa kusikiliza, na kuna orodha yenye swichi kwa kila programu. Xbox Game Bar lazima iwe imewashwa. Ya kwangu ilikuwa wazi, lakini ya duka la Kolwezi ilikuwa imefungwa, na dalili yake ilikuwa mstari kucheza vizuri kwenye Son lakini video kutoka bila maneno.

Ile njia ya Mac ya kuangalia kama faili lina mstari wa sauti, hapa haisaidii. Game Bar hurekodi pia sauti za programu yenyewe, kwa hiyo faili linaweza kuwa na sehemu ya sauti bila neno lako hata moja. Ni kusikiliza tu.

Faili nalo lilinisumbua. Niliandika `enregistrement` kwenye kisanduku cha kutafutia, hakuna. Nikaandika `video`, zikaja nyingine. Kumbe Game Bar hulipa faili jina la dirisha lililorekodiwa, kisha tarehe na saa, na mwisho `.mp4`. Jedwali langu linaitwa stock_likasi, basi video ilianza na stock_likasi. Nyumbani kwake ni folda ya Vidéos, ndani ya Captures. Mtu wa duka asiyezoea folda namwambia aandike hii kwenye mstari wa anwani juu ya dirisha la folda, abonyeze Entrée ya kibodi:

```
%USERPROFILE%\Videos\Captures
```

Inafanya kazi hata Windows ikiwa kwa Kifaransa, kwa kuwa é ya Vidéos ni ya kuonyeshwa tu. Jina la kweli kwenye diski ni Videos. Na kama mtu amehamisha folda hiyo, Paramètres, Jeux, Captures huonyesha mahali ilipo na kitufe cha kuifungua.

Niliyoyaeleza mpaka hapa yote yana dawa. Moja halina. Siku niliyokuwa nimepata sauti nzuri, nimefika dakika ya 26, umeme ulikatika. Uliporudi, nilikuta faili kwenye Captures, lina uzito kabisa, mamia ya megabaiti. Lakini kila nilichojaribu kulifungulia kilikataa. Nilimpelekea fundi mmoja anayeshughulika na video za harusi, naye akanieleza kisa chake. Faili la aina ya mp4 lina picha na sauti, na tena lina daftari linaloeleza kila kipande kimekaa wapi. Daftari hilo kwa kawaida huandikwa mwisho, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, vipande vipo, daftari halipo, na kichezeshi hakijui kianzie wapi. Kuna programu za kujaribu kulijenga upya, alizijaribu, halikufunguka.

Hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Siku hizi sirekodi somo moja refu. Nimelikata: kufungua jedwali na kuandika tarehe, kuingiza bidhaa zilizofika, kuandika zilizouzwa, kusahihisha kosa, kunakili kwenye flashi. Kila moja dakika nne, tano hivi. Umeme ukikatika napoteza kipande kimoja. Tena nimegundua kwamba mtu wa dukani harudii somo zima. Anatafuta kipande kinachomtatiza. Kila kipande nakipa jina mara tu kinapotua kwenye folda, kabla sijaanza kingine, kwa sababu faili sita zenye jina la stock_likasi na saa zilizokaribiana hazitofautishiki jioni.

Na kabla ya kipande cha kwanza cha siku, narekodi sekunde kumi nikisema tarehe na jina la duka, nasimamisha, nafungua folda, nasikiliza kwa hedifoni. Kwa sekunde kumi hizo najua mambo matatu kwa pamoja: maikrofoni imewashwa, ni ileile ninayoitaka, na faili linakwenda ninakodhani. Ghalani sasa ni majira ya mvua, na juu yetu ni mabati. Mvua ikianza nasubiri ipite; hakuna kibanio cha nguo kinachoiondoa kwenye rekodi.

Kutuma nako kuna adabu yake. Mac hurekodi kwa wingi wa nukta za skrini yake, na faili huwa zito kuliko linavyohitajika kwa simu. Kwenye QuickTime Player, menyu ya `File`, kuna `Export As`, na ukichagua `720p` maandishi ya Excel bado yanasomeka ikiwa ulikuza jedwali kabla ya kurekodi. Kwa WhatsApp natuma kama hati, si kama video, kwa maana ikienda kama video inabanwa tena na namba za safu ndogo huwa ukungu. Bila mtandao wa kutosha, flashi husafiri na dereva anayepeleka saruji.

Wiki mbili zilizopita dereva alirudi na flashi ileile. Ndani kulikuwa na faili ambalo sikulirekodi mimi: la dakika mbili, jina lake mauzo_misumari. Mama wa Likasi alikuwa amerekodi skrini yake mwenyewe. Sauti yake ilikuja safi, karibu, kuku akilia mbali nyuma yake. "Papa, angalia hapa kwenye F17," anasema, na mshale unakwenda F17. "Naandika kilo 12, inaniletea tarehe. Ni nini?" Nilikuza picha nikaona: kisanduku kile kilikuwa kimewekewa muundo wa tarehe, huenda tangu siku nilipolinakili jedwali kutoka la Kolwezi. Nilichomeka kigawanyio, nikakwaruza maikrofoni, nikaanza kumjibu.